Siku 67 Kati ya Kiraka na Wizi

Tarehe 7 Machi 2017, watunzaji wa programu iitwayo Apache Struts walitoa toleo jipya na kutangaza kwamba matoleo yaliyotangulia yana tundu la hatari. Tangazo lilikuwa wazi kwa kila mtu, na kiraka chenyewe kilitolewa bure. Tarehe 13 Mei, siku 67 baadaye, wezi walipita kwenye tundu hilohilo wakaingia ndani ya kampuni ya Kimarekani ya Equifax. Walikaa humo siku 76. Walipokuja kugunduliwa walikuwa wamekwisha kubeba taarifa za watu wapatao milioni 147, karibu nusu ya wakazi wote wa Marekani.

Kesi hii ilichunguzwa na Bunge la Marekani, na ripoti zake zinasomeka kama kumbukumbu za msiba: nani alijua nini, siku gani, na alifanya nini. Kila ninapozirudia, ninachoshindwa kukizoea ni zile siku 67. Kampuni ilijua kuwa tundu lipo. Iliamuru lizibwe. Ilipekua mitambo yake kuhakikisha, ikajiambia iko salama. Mlango ukabaki wazi. Ukielewa jinsi hilo lilivyowezekana, utakuwa umeelewa jambo kubwa kuhusu viraka vya usalama, hata kama kompyuta pekee unayomiliki ni simu iliyo mfukoni mwako.

Kwanza, Equifax ni nani? Msomaji wa Kenya aliyewahi kunyimwa mkopo kwa sababu ameorodheshwa CRB anaijua kazi yao. Wanakusanya kumbukumbu za madeni ya kila mtu, nani analipa kwa wakati na nani anachelewa, kisha wanaziuzia benki na maduka. Mwananchi haombi kuwa mteja wao. Taarifa zake huingia humo kupitia wakopeshaji, atake asitake. Kumbukumbu zikiwa na makosa ana haki ya kuzipinga, na kwa ajili hiyo Equifax ilikuwa na tovuti ya kupokea malalamiko. Mlalamikaji alijaza fomu na kupakia ushahidi, kwa mfano picha ya kitambulisho au risiti ya malipo. Tovuti hiyo ilikaa juu ya mfumo mkongwe ambao mizizi yake ni ya miaka ya 1970, na ilijengwa kwa Struts.

Struts ni msimbo uliokwisha andikwa, ambao mafundi wa programu huuchukua kama seremala anavyonunua bawaba dukani badala ya kuzifua mwenyewe. Anayejenga tovuti kwa lugha ya Java anahitaji sehemu ya kupokea fomu, sehemu ya kupokea faili, sehemu ya kuonyesha makosa. Struts inampa vyote, na kwa kuwa ni bure na imara, mashirika makubwa mengi duniani yaliitumia. Mtu anayeitembelea tovuti haioni bawaba. Anaona mlango tu.

Sasa tulitazame tundu lenyewe, maana ni la kustaajabisha kwa wepesi wake. Unapopakia faili kwenye tovuti, kivinjari chako hutanguliza maelezo mafupi ya kuieleza seva ni mzigo wa aina gani unaokuja, kama lebo inayobandikwa juu ya kifurushi kabla hakijapakiwa kwenye basi. Lebo ya kawaida huanza hivi:

```
Content-Type: multipart/form-data
```

Struts iliisoma lebo hiyo. Ikiikuta imeandikwa ovyo, ilikataa mzigo na kutunga ujumbe wa kueleza kosa, na ndani ya ujumbe huo ilinukuu maneno ya lebo yenyewe. Mpaka hapo hakuna ubaya. Ubaya ni kwamba ujumbe huo ulipitishwa kwenye sehemu nyingine ya programu, yenye kazi ya kutafuta maneno yaliyofungwa kwa alama kama `%{` na kuyatekeleza kama amri. Chukulia karani wa stoo amepokea kifurushi chenye lebo ya ajabu. Anaisoma kwa sauti ili amwonyeshe bosi kwamba haifai, na kwa kuwa lebo imeandikwa "fungua sefu," mikono yake inakwenda kuifungua sefu. Mwizi hakuhitaji nywila. Hakuhitaji kumdanganya mfanyakazi yeyote abofye kiungo. Alituma ombi moja lenye lebo aliyoitunga mwenyewe, na seva ikamtii.

Tundu hilo lilipewa namba ya utambulisho, CVE-2017-5638, kama yanavyopewa matundu mengi yanayojulikana. Kiraka kilikuja katika toleo 2.3.32, na kwa tawi jipya zaidi la programu katika toleo 2.5.10.1. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea kuifikiria hatari.

Tunadhani kwamba kiraka kikishatoka, hatari imeanza kupungua. Kwa aliyekiweka, ni kweli. Kwa ambaye hajakiweka, hatari imeongezeka mara nyingi, na imeongezeka siku ileile kiraka kilipotoka. Kabla ya tarehe 7 Machi ni watu wachache mno waliojua kwamba lebo ya kifurushi inaweza kugeuzwa amri. Kiraka kilipotoka, kila mwenye ujuzi aliweza kuchukua toleo la zamani na toleo jipya, akayalaza bega kwa bega na kuuliza: mistari gani imebadilika? Katika programu kubwa yenye maelfu kwa maelfu ya mistari, mabadiliko yalikuwa machache, nayo yalimwelekeza moja kwa moja kwenye ile sehemu inayotunga ujumbe wa kosa. Fundi amepaka rangi mpya kwenye kipande kimoja cha ukuta, na kila apitaye anajua ufa ulikuwa wapi.

Kwa Struts kazi ilikuwa rahisi zaidi kwa sababu msimbo wake uko wazi kwa wote. Lakini usidhani kuuficha msimbo kunasaidia sana. Viraka vya Windows, ambavyo Microsoft hutoa kila Jumanne ya pili ya mwezi, navyo hulinganishwa kwa njia hiyohiyo, kwa vifaa vinavyosoma programu iliyokwisha kukusanywa. Huchukua muda mrefu kidogo. Ndiyo tofauti.

Tarehe 8 Machi, kesho yake tu, watafiti wa usalama wa kampuni ya Cisco walieleza kwamba mashambulizi yameshaanza. Waliona maombi mengi yakirushwa kwenye seva huku na huko, baadhi yakiwa na amri moja isiyo na madhara:

```
whoami
```

Maana yake ni "mimi ni nani humu?" Kompyuta hujibu kwa kutaja jina la akaunti inayoendesha programu. Haiharibu kitu wala haiibi kitu. Mwizi anapiga hodi, na jibu lolote analolipata linamwambia kwamba nyumba hii ina bawaba mbovu. Wengine hawakuishia kwenye hodi. Walizima ukuta wa ulinzi wa seva, wakashusha programu yao na kuiweka ijiwashe kila kompyuta inapowashwa.

Wanachagua vipi pa kupiga hodi? Hawachagui. Huu ni ukweli ambao wenye biashara ndogo huwa hawauamini, kwa kuwa kila mmoja hujiambia, nani atahangaika na mimi? Anwani zote za intaneti za mfumo wa zamani ambao bado unatumika sana ni kama bilioni 4.3. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba kompyuta moja yenye mtandao mzuri inaweza kuzigonga zote kwa muda usiofika saa nzima. Mwizi wa leo hana haja ya kukujua. Anagonga dunia nzima, anasubiri nani ajibu, kisha ndipo anaanza kujiuliza hapa ni kwa nani na kuna nini.

Equifax ilijibu mapema. Uchunguzi wa baadaye ulikuta kwenye kumbukumbu za seva zake kwamba tarehe 10 Machi, siku ya tatu tangu kiraka kutoka, mtu wa nje alituma `whoami` kwenye ile tovuti ya malalamiko na akapata jibu.

Ndani ya kampuni mambo yalikuwaje siku hizo tatu? Hawakuwa wamelala. Tarehe 8 Machi kitengo cha serikali ya Marekani kinachoshughulikia usalama wa mitandao kilituma onyo kuhusu Struts. Tarehe 9, Equifax ililisambaza onyo hilo kwa barua pepe kwa watu zaidi ya 400, ikiwataka wenye Struts kwenye mifumo yao waweke kiraka ndani ya saa 48, kama kanuni ya kampuni ilivyosema. Ukiisoma barua hiyo peke yake utasema hii ni kampuni makini.

Mhandisi aliyejua kwamba tovuti ya malalamiko inatumia Struts hakuwemo miongoni mwa hao 400. Mkubwa wake alikuwemo. Aliipokea barua na hakuipeleka mbele.

Oktoba mwaka huo, aliyekuwa mkuu wa kampuni, Richard Smith, ambaye tayari alikuwa ameachia ngazi, aliliambia Bunge kwamba kosa lilikuwa la mtu mmoja ambaye hakufikisha ujumbe kwa waliopaswa kuweka kiraka. Sikubaliani naye, na nasema hivyo bila kumtetea mzembe. Kama usalama wa watu milioni 147 unasimama au kuanguka kwa barua pepe moja iliyopelekwa au isiyopelekwa mbele, aliyeujenga utaratibu huo ndiye wa kuulizwa. Wachunguzi wa Seneti walikuta kwamba miaka miwili kabla, mwaka 2015, ukaguzi wa ndani wa kampuni ulihesabu matundu zaidi ya 8,500 yaliyojulikana na yaliyokaa zaidi ya siku 90 bila kuzibwa. Tena ukaguzi huo ulibaini kwamba kampuni haikuwa na orodha kamili ya mitambo na programu zake. Hapa naomba tukae kidogo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo inamchukulia mwenye nyumba kuwa anaujua ukuta wake wote. Anaupita asubuhi na jioni, ufa anauona, shida yake ni uvivu tu. Kampuni yenye seva maelfu haiko hivyo. Ina kuta zilizojengwa na watu waliokwisha hama, vyumba vilivyorithiwa kutoka kampuni zilizonunuliwa, na bawaba zilizofichwa ndani ya milango ambayo hakuna aliyewahi kuifungua mbao. Onyo linaposema "mwenye Struts aweke kiraka," swali la kwanza linakuwa: sisi tunayo Struts wapi? Asiye na orodha hawezi kulijibu. Atawatumia watu 400 barua na kutumaini kwamba mwenyewe atajitambua.

Equifax ilijaribu njia ya pili. Tarehe 15 Machi ilipitisha kifaa cha kupekua kwenye mifumo yake inayoonekana kutoka nje, kikitafuta matoleo ya Struts yenye tundu. Hakikukuta kitu. Sababu ni ya kusikitisha kwa udogo wake: kifaa kilikagua ukurasa wa juu wa tovuti na hakikushuka kwenye folda za ndani, ambako ndiko Struts ilikokuwa. Ni sawa na askari anayemulika tochi uani, asione mtu, akaandika kwenye daftari kwamba nyumba ni salama. Kuanzia siku hiyo kampuni haikuwa tena na hofu, na nadhani hilo lilikuwa baya kuliko kutokupekua kabisa. Anayejua kuwa hajatafuta ataendelea kuhangaika.

Kuna njia ya uhakika zaidi kuliko kugonga mlango kwa nje, nayo ni kuingia ndani ya seva na kulitafuta faili lenyewe:

```
find / -name "struts2-core-*.jar"
```

Jibu likiwa `struts2-core-2.3.31.jar`, una tundu. Likiwa `struts2-core-2.3.32.jar`, umeziba. Hata njia hii ina kasoro yake, kwa sababu mara nyingi programu nzima hufungashwa ndani ya faili moja kubwa lenye mwisho wa `.war`, na bawaba ikiwa ndani ya kifurushi kilichofungwa amri hii hupita juu yake isiione. Na lazima uendeshe amri kwenye kila mashine, jambo linaloturudisha kwenye orodha.

Tuseme umeipata. Je, kuweka kiraka ni kubofya kitufe kama kwenye simu? Kwa Struts, hapana. Bawaba iko ndani ya mlango, na kuibadilisha ni kuutoa mlango mzima. Mhandisi anachukua msimbo wa tovuti, anaondoa toleo la zamani la Struts na kuweka jipya, anaijenga programu yote upya, anaijaribu kuona kama fomu bado zinapokelewa na faili bado zinahifadhiwa, halafu anapanga saa ambayo tovuti itazimwa ili mpya iwekwe. Kwenye mfumo mkongwe ambao waliouandika wameshaondoka, huenda hata msimbo wake wa asili ukatafutwa kwa siku nzima. Kiraka nacho huweza kuvunja kitu kilichokuwa kikifanya kazi, na kila fundi ana kumbukumbu ya usiku wa namna hiyo. Ndiyo maana nikisikia mtu akisema kwa wepesi "si wangeweka tu kiraka," huwa namwomba apunguze hilo neno "tu."

Lakini waliotoa Struts walilijua hilo, na kwenye tangazo lao waliandika njia ya muda kwa asiyeweza kubadilisha haraka: weka kichujio mbele ya programu kinachotupa kila ombi lenye lebo isiyo ya kawaida. Mwenye haja ya siku kumi za kujenga na kujaribu angeweza kuzinunua kwa kazi ya saa chache. Kwa anayejua tundu liko wapi, siku 67 hazina udhuru. Ila, kama tulivyoona, njia ya muda nayo inamtaka mwenye nyumba ajue mlango ni upi.

Equifax iliweka ulinzi mwingine ambao kwenye karatasi ulitosha. Tarehe 14 Machi watu wake waliweka kanuni kwenye mtambo wa kukagua mawasiliano, ili ombi lolote lenye dalili za shambulio la Struts litambuliwe. Mawasiliano ya tovuti husafiri yakiwa yamefichwa kwa siri ya kihesabu, hivyo mtambo kama huo unahitaji cheti cha kidijitali ili uyafungue, uyasome, na kuyafunga tena. Cheti cha mtambo unaolinda tovuti ya malalamiko kilikuwa kimeisha muda wake miezi mingi nyuma. Hakikuwa kimehuishwa. Mtambo haukuzuia mawasiliano wala haukupiga kelele. Uliyaacha yapite bila kuyasoma. Mlinzi alikuwa langoni, amesimama wima, haoni.

Tarehe 13 Mei wezi wakaingia. Walipanda kwenye seva kurasa ndogo za siri zinazopokea amri kutoka nje, kama 30, ili hata moja ikifutwa nyingine ibaki. Kisha wakaanza kutembea chumba hadi chumba. Walikuta faili lenye majina ya watumiaji na nywila, limeandikwa kwa maandishi ya wazi, na kwa funguo hizo wakazifikia hifadhidata 48 ambazo hazikuhusiana kabisa na malalamiko. Waliuliza maswali kama 9,000 kwenye hifadhidata hizo, na mara 265 walipata walichokitaka: majina, tarehe za kuzaliwa, anwani, na namba za hifadhi ya jamii, ambazo Mmarekani huzibeba maisha yake yote na kwa kawaida habadilishiwi. Data walizigawa vipandevipande na kuzisafirisha ndani ya mawasiliano yaliyofichwa, mbele ya mtambo uleule.

Tarehe 29 Julai, hatimaye, cheti kilihuishwa. Mara hiyohiyo mtambo ukaanza kuona, na kitu cha kwanza ulichokiona ni mawasiliano ya kutilia shaka yakielekea China. Siku iliyofuata tovuti ilizimwa. Umma uliambiwa tarehe 7 Septemba, miezi sita kamili tangu kiraka kutoka. Mwaka 2019 kampuni ilikubali malipo ya fidia yasiyopungua dola milioni 575, ambayo yangeweza kufika milioni 700, na Februari 2020 serikali ya Marekani iliwafungulia mashtaka wanajeshi wanne wa China.

Kuna kundi moja la waathirika ambalo huniuma zaidi. Miongoni mwa vitu vilivyochukuliwa kulikuwa na nyaraka za walalamikaji kama 182,000. Hao ni watu waliokuwa makini kuliko wenzao. Walikagua kumbukumbu zao, wakaona kosa, wakafuata utaratibu, na wakapakia vitambulisho vyao kwenye tovuti kama walivyoelekezwa.

Jambo moja kiraka hakiwezi kulifanya, nalo ni kumtoa mwizi aliyekwisha ingia. Kama Equifax ingeziba tundu tarehe 1 Juni, zile kurasa za siri 30 zingebaki mahali pake zikipokea amri kama kawaida, maana zilishapandwa ndani na hazikuhitaji tundu tena. Ndiyo maana anayechelewa kuweka kiraka ana kazi mbili: kuziba, halafu kurudi kwenye kumbukumbu za seva kwa siku zote ambazo tundu lilikuwa wazi na hadharani, kutafuta maombi yenye lebo zisizo za kawaida, mafaili mapya ambayo hakuna aliyeyaweka, akaunti ambazo hakuna aliyezifungua. Siku ya kuanzia kuhesabu ni siku kiraka kilipotangazwa. Wengi huanza siku waliyosikia habari, na siku zilizo katikati huwa hazitazamwi.

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kusaidia kupanga kompyuta za shule moja. Mwalimu wa taaluma alinipa orodha safi ya kompyuta 22, zote tukazihuisha kwa siku mbili. Siku ya tatu, tukiwa tunaondoka, mhudumu wa ofisi aliniuliza, "Na ile ya stoo, mwanangu, si mtaizima? Inanguruma usiku kucha." Nyuma ya katoni za karatasi kulikuwa na kompyuta ya ishirini na tatu. Fundi fulani aliiweka humo kabla hajahama, na ndiyo iliyokuwa ikitoa matokeo ya wanafunzi kwenye tovuti ya shule. Kati ya zote, ni hiyo peke yake iliyoonekana kutoka nje, na hakuna aliyekuwa ameigusa tangu alipoondoka. Tangu siku hiyo nikifika mahali naanza na wahudumu na walinzi. Wao ndio wanaojua taa gani huwaka usiku.

Kwa msomaji ambaye hana seva wala stoo, orodha yake ni fupi lakini ipo: simu, kompyuta ya kupakata, na ile ruta ya intaneti ambayo fundi aliiweka juu ya kabati akaondoka. Kwenye simu ya Android, kinachokuonyesha hali halisi ni tarehe. Google hutoa taarifa ya viraka vya usalama kila mwezi tangu Agosti 2015, na ndani ya mipangilio, kwenye maelezo ya simu, kuna mstari unaotaja tarehe ya kiraka cha mwisho ambacho simu yako imekipokea. Watu hutazama namba ya toleo la Android wakadhani wameona. Simu mbili zenye toleo moja zinaweza kupishana miaka mitatu kwenye mstari huo.

Na kuna simu ambazo mtengenezaji wake ameacha kuzitolea viraka, kama ambavyo Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kifaa cha namna hiyo kiko katika hali ya Equifax kila mwezi. Matundu yanayozibwa kwenye vifaa vipya mara nyingi yapo pia kwenye cha zamani, na kila kiraka kinachotolewa kwa mwingine kinamweleza mwizi pa kugonga kwako. Hapo hakuna kiraka unachoweza kuchelewa kuweka, kwa kuwa hakiji. Unachoweza ni kuamua kifaa hicho kibebe nini. Redio na saa ya kuamsha, sawa. Akaunti ya pesa, hapana.

Mwaka jana nilikwenda Kariakoo kumtafutia shangazi simu iliyotumika. Kijana wa duka alinitolea moja, imefutwa vizuri, kioo hakina mkwaruzo.

"Hii kaka ni kama mpya. Kamera yake hutaamini."

Nikamwomba anifungulie mipangilio, ashuke mpaka kwenye tarehe ya kiraka cha usalama. Alishuka, akasimama, akaisogeza karibu na macho. Mstari ulisema mwaka 2019. Nikamwuliza kama ikiunganishwa na intaneti itapata sasisho. Akaiunganisha palepale, tukasubiri wote wawili juu ya meza ya kioo, na baada ya dakika mbili simu ikaandika kwamba mfumo wake tayari ni wa kisasa kabisa.

"Si umeona?" akasema. "Yenyewe inasema iko sawa."

Nikamwambia inasema ukweli wake: imeuliza kama kuna kiraka, ikajibiwa hakuna. Akafikiri kidogo, akaifunga, akavuta droo nyingine na kuanza kuzifungua moja moja, safari hii akianzia kwenye tarehe.